Laini ya kawaida, lipa namba au benki: kipi kinakuvusha ukikwama kwenye kikomo cha siku?

Jumatatu moja, saa nne asubuhi, wifi yangu alinipigia akiwa Kariakoo, Mtaa wa Kongo, kasimama mbele ya duka la jumla la vitenge. Yeye anauza Tandika. Mzigo ulikuwa wa shilingi 8,400,000, na kwenye simu yake alikuwa na zaidi ya hapo. Pesa haikutoka.

"Wifi, hela ninayo, nimeiona kwa macho yangu, lakini inagoma."

"Umeshatuma kiasi gani leo?"

"Leo? Sijatuma kitu. Nimelipa tu kikoba na luku."

Hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Mimi niliwahi kukaa kwenye kibanda cha uwakala miaka kadhaa kabla sijaanza kutunza hesabu za duka la vifaa vya ujenzi, na naweza kusema watu wengi wanaokwama hawajui wamekwamishwa na kikomo gani. Wanasema "limiti" kana kwamba ni moja. Ziko tatu, na kila moja inapandishwa kwa njia yake, na nyingine haipandishwi na wewe kabisa. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha laini ya kawaida na lipa namba na benki, nimalize kwanza hili la wifi.

Vikomo vitatu kwenye simu moja

Benki Kuu ndiyo inayoweka dari. Kanuni za Fedha za Kielektroniki za 2015 zilipanga wateja kwa ngazi. Chini kabisa ni akaunti iliyosajiliwa kwa njia ya kielektroniki tu, yaani namba ya simu bila mtu kukuona ana kwa ana. Juu yake ni mteja aliyesajiliwa kielektroniki na pia akaonekana yeye na kitambulisho chake. Juu zaidi wako wafanyabiashara wadogo na wa kati. Mtoa huduma anaweza kuweka kikomo cha chini ya dari hiyo, lakini hawezi kuipita.

Dari ambalo wengi wetu tunalikumbuka ni la Mei 2020. Wakati wa korona Benki Kuu ilitaka watu wapunguze kushikana na noti, ikapandisha jumla ya miamala ya siku kutoka shilingi 3,000,000 hadi 5,000,000, na salio la siku kutoka 5,000,000 hadi 10,000,000. Hesabu za wifi nazifanya kwa viwango hivyo, kwa kuwa ndivyo laini yake ilivyokuwa. Vya kwako vithibitishe kwa kupiga 100 kabla hujampa muuzaji ahadi, maana viwango hivi hubadilika, na ngazi yako inaweza isiwe ya jirani yako.

Tazama sasa jinsi vikomo hivyo vinavyofanya kazi. Cha kwanza ni cha muamala mmoja: kiasi unachoweza kutuma kwa mara moja. Cha pili ni jumla ya siku: vyote vilivyotoka tangu siku ilipoanza. Cha tatu ni salio: kiasi ambacho akaunti inaruhusiwa kushika. Hiki cha tatu ndicho kinachosahaulika, kwa sababu hakimgusi anayetuma. Kinamgusa anayepokea.

Asubuhi ile wifi alianza na 9,150,000. Akalipa mchango wa kikoba 300,000 na luku ya 20,000. Alipofika dukani akajaribu kutuma 8,400,000 yote. Ikakataa, na hilo halishangazi, ni zaidi ya milioni 5. Akajaribu 5,000,000 kamili. Ikakataa tena, na hapo ndipo alipochanganyikiwa, kwa sababu alishaambiwa kikomo ni milioni 5. Lakini alikuwa ameshatumia 320,000. Siku haijali kama ulimlipa muuzaji wa vitenge au ulinunua umeme. Kilichobaki kwake kilikuwa 4,680,000.

Nikamwambia atume hiyo. Ikakataa mara ya tatu.

Safari hii ujumbe ulikuwa tofauti, na nilimwomba anisomee neno kwa neno. Ulisema mpokeaji hawezi kupokea kiasi hicho. Muuzaji alikuwa amempa namba yake binafsi, na kwenye namba hiyo, kwa kuwa ni Jumatatu na wateja wa mikoani walikuwa wameshatuma, kulikuwa na 6,100,000. Jumlisha na 4,680,000 unapata 10,780,000. Salio lingepita milioni 10. Wifi angeweza kuwa na ngazi ya juu kuliko wote nchini, bado pesa ingerudi, kwa sababu aliyejaa ni mwenzake.

"Muulize kama ana lipa namba," nikamwambia.

Alikuwa nayo, imebandikwa ukutani nyuma ya majora. Kwa nini hakuitaja mwanzo ni hadithi nyingine, na wauzaji wengi wa Kariakoo wanaijua. Wifi akalipa 4,680,000 kwa lipa namba, ikapita. Zikabaki 3,720,000. Muuzaji akakubali kushikilia sehemu ya mzigo hadi kesho yake. Saa sita na dakika kumi usiku siku yake ikaanza upya, akalipa zilizobaki akiwa kitandani, na Jumanne nzima akabaki na nafasi ya 1,280,000 ya matumizi mengine.

Ujumbe wa kukataliwa usiufute kabla hujausoma. Ukisema umezidi kiwango chako, tatizo ni lako, na dawa ni kusubiri, kugawa au kupanda ngazi. Ukimtaja mpokeaji, tatizo ni lake, na hata ukienda kusajiliwa upya leo hutapata kitu.

Laini ya kawaida: nini hasa kinakaguliwa

Wengi tunadhani usajili wa laini na usajili wa pesa ni kitu kimoja. Ni viwili. Laini iko chini ya TCRA, na tangu Mei 2019 husajiliwa kwa alama ya kidole inayolinganishwa na taarifa zako NIDA. Mtakumbuka foleni za Desemba 2019, mwisho ukasogezwa hadi Januari 20, 2020, kisha laini zikaanza kuzimwa. Akaunti ya pesa iko chini ya Benki Kuu. Mara nyingi hufunguliwa siku hiyohiyo kwa taarifa hizohizo, ndiyo maana hatuoni mpaka.

Mpaka unaonekana pale mambo yasipolingana. Kuna watu ambao akaunti zao za pesa zilifunguliwa zamani kwa kitambulisho cha kura au barua ya mtendaji wa mtaa, na baadaye laini ikasajiliwa upya kwa kidole. Jina la laini likawa la NIDA, jina la pesa likabaki la zamani. Kila siku inafanya kazi, hadi siku unapoomba kupandishwa ngazi au kuunganisha na benki, ndipo mfumo unapouliza wewe ni nani kati ya hao wawili. Njia rahisi ya kujua ni kumwomba mtu aanze kukutumia pesa, asome jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri, kisha wewe upige *106# uone laini imesajiliwa kwa nani. Majina yakitofautiana, nenda duka la mtandao wako na kitambulisho. Kibanda cha wakala hakiwezi kulimaliza hilo.

Kwa laini ya kawaida, basi, kinachopandisha ngazi ni kimoja: kuthibitishwa ana kwa ana kwa kitambulisho na kidole. Ukishafanyiwa hivyo umefika juu ya ngazi hiyo, na hakuna hatua nyingine ndani yake. Kuitumia laini miaka kumi hakuongezi kitu. Kuweka pesa nyingi hakuongezi. Kukopa na kulipa Songesha, Bustisha au Timiza hakuongezi kikomo cha kutuma, ingawa watu hufurahi wakisema "limiti yangu imepanda". Iliyopanda ni ya mkopo. Ile ya kutuma iko palepale.

Kwa mafundi wa saruji, mama lishe na wote ambao kazi imesugua vidole, mashine inaweza kugoma kusoma. Osha mikono kwa sabuni, kausha vizuri, jaribu vidole vingine, dole gumba likishindwa si mwisho. Ikishindikana kabisa, NIDA wanaweza kuchukua alama upya.

Jambo moja ninaloliona kila mara na linaniudhi. Mtu anakuja mitaani na mashine, anasema atakupandishia limiti kwa elfu ishirini. Anachukua kidole, anasema haijashika, anachukua tena, na tena. Kidole cha kwanza kimefanya kazi yako, cha pili kimesajili laini nyingine kwa jina lako, na laini hiyo ndiyo itakayotuma meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Kusajiliwa ni bure, na namba ya siri haihitajiki popote katika usajili. Ukimaliza, pita kwenye *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukiona usiyoijua, siku hiyohiyo nenda duka la mtandao husika.

Lipa namba: ngazi inayosaidia upande mmoja

Wifi aliporudi nyumbani na vitenge vyake, neno la kwanza lilikuwa, "Na mimi nataka lipa namba, nisikwame tena."

Nikamwuliza kukwama kupi. Akikwama anapopokea, lipa namba itamsaidia. Akikwama anapolipa, haitamsaidia kwa namna anayodhani. Mteja anayemlipa wifi kwa lipa namba bado anabanwa na jumla ya siku ya mteja mwenyewe. Na wifi akimlipa muuzaji wa Kongo kutoka laini yake binafsi, bado anabanwa na milioni zake tano, hata kama muuzaji ana lipa namba yenye nafasi ya kutosha. Ndivyo ilivyotokea: lipa namba ya muuzaji iliondoa tatizo la salio la muuzaji, ikaacha tatizo la wifi kama lilivyokuwa.

Nafasi ya lipa namba inatokana na karatasi. Namba ya kibanda kidogo, iliyofunguliwa kwa NIDA na taarifa chache za biashara, haipewi nafasi sawa na namba ya duka lenye TIN na leseni. Kwa hiyo mtu akikwambia "nina lipa namba", bado hujajua anaweza kupokea kiasi gani. Swali la kumuuliza wakala wa mauzo anayekuandikisha ni hili: hii namba inashika salio la mwisho shilingi ngapi, na naweza kutoa au kuhamisha kiasi gani kwa siku? Akijibu kwa ujumla, mwambie akuonyeshe kwenye fomu au apige simu ofisini mbele yako. Uliza pia pesa ikishaingia unaweza kuifanya nini: kuipeleka benki, kuilipa lipa namba nyingine, au lazima ipitie laini yako binafsi. Kama lazima ipitie laini binafsi, umerudi kwenye mlango uleule mwembamba.

Karatasi zenyewe zinapatikana, ila zina mpangilio wake. TIN ya mtu binafsi huombwa mtandaoni TRA kwa namba ya NIDA. Leseni ya biashara kama ya wifi hutolewa na manispaa, na siku hizi maombi hupitia mfumo wa TAUSI, na hapo utaulizwa uthibitisho wa kodi. Jina la biashara BRELA unalihitaji pale tu unapotaka kutumia jina lisilo lako. TIN ya biashara inakuja na makadirio ya kodi. Silisemi hili kumtisha mtu, nalisema kwa sababu nimeona watu wakifungua ngazi ya biashara ili wapate nafasi kubwa ya pesa, halafu wanashangaa TRA inapowakumbusha. Hiyo ndiyo bei halisi ya ngazi hii, na kama biashara yako ipo kweli, kodi hiyo unadaiwa hata bila lipa namba.

Penye kukwamisha zaidi kuliko karatasi ni majina. NIDA inasema Hadija, TIN ya zamani inasema Khadija. Leseni ina majina mawili, NIDA ina matatu. Mtu anayeidhinisha ombi lako hakufahamu, anaona herufi tu, na herufi zikitofautiana anakataa. TIN ikiombwa leo kwa namba ya NIDA huchukua jina la NIDA, kwa hiyo tatizo hili ni la wenye TIN za zamani. Linganisha karatasi zote tatu mezani kabla hujaomba. Ukikuta tofauti, anza kurekebisha TIN na leseni ziifuate NIDA. Kubadilisha taarifa NIDA kunahitaji viapo na muda, na unaweza kuvuruga laini na akaunti ambazo tayari zinalingana. Usisahau tarehe ya kuzaliwa pia: tarakimu nane za mwanzo za namba ya NIDA ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Kama fomu ya benki ina tarehe nyingine, kosa linaonekana hata bila mashine.

Kuhusu uwakala nitasema kidogo tu, kwa sababu kila mwaka kuna mtu ananiuliza. Laini ya uwakala inapitisha pesa nyingi, ni kweli, lakini pesa hiyo ni ya kuhudumia wateja, na ukiigeuza kuwa njia ya kulipia mizigo yako unavunja mkataba na unabaki bila floti saa ya wateja. Wifi alishalitaja wazo hilo. Nikamwambia aliache.

Benki: kikomo kiko kwenye mlango unaoutumia

Benki nazo zina ngazi, ila wengi hatuzioni. Akaunti unayofungua mwenyewe kwenye simu kwa namba ya NIDA, bila kukanyaga tawi, ni ndogo kwa makusudi. Hawajakuona, hawana sahihi yako, hawajui pesa inatoka wapi. Ukienda tawini ukachukuliwa kidole na picha, ukaweka sahihi, ukapeleka barua ya serikali ya mtaa na maelezo ya shughuli yako, akaunti ileile inafunguka zaidi. Mtu anayelalamika kwamba akaunti yake ya benki "ni kama ya simu tu" mara nyingi hajawahi kuonana na benki yake.

Tofauti kubwa na laini ya simu iko hapa: kikomo cha benki kinafuata mlango. Kuna kiasi cha ATM, kiasi cha programu ya simu, na kiasi cha kaunta. Programu ikikukatalia milioni 8, kaunta ya tawi haikukatalii kama pesa ni yako na kitambulisho unacho. Laini ya simu haina kaunta ya namna hiyo. Hata ukienda duka kubwa la mtandao wako pale Posta, hawawezi kukupitishia milioni 8 kutoka akaunti yenye dari la milioni 5.

Mtego wa benki uko njiani. Pesa inayotoka benki kwenda kwenye laini ya mtu inakutana na salio la laini hiyo, na inayotoka kwenye laini yako kwenda benki inahesabiwa kwenye jumla ya siku ya laini. Siku ile Kariakoo wifi angejaribu kuhamishia benki 8,400,000 ili alipe kutoka huko, angegonga ukuta uleule. Benki inasaidia pale tu pesa ilipokuwa imeshakaa huko kabla ya siku ya malipo.

Hapa chini nimeviweka pamoja jinsi ninavyoviona:

| | Laini ya kawaida | Lipa namba ya biashara | Akaunti ya benki |
|---|---|---|---|
| Wanachokagua | NIDA na kidole | NIDA, TIN, leseni, majina yanayolingana | NIDA, kisha tawi: sahihi, picha, makazi, shughuli |
| Kinachobana zaidi | Jumla ya siku, na salio la unayemtumia | Njia ya kutoa pesa ikishaingia | Programu ya simu. Kaunta haibani hivyo |
| Kinachopandisha | Kuonekana ana kwa ana, basi | Karatasi kamili za biashara | Kwenda tawini |
| Inamfaa | Matumizi ya nyumbani, mauzo madogo | Anayepokea kutoka kwa wengi | Anayelipa kiasi kikubwa kwa mara moja |

Tulivyoamua kwa wifi

Tulikaa kibarazani Tandika jioni, daftari la mauzo mbele yetu. Mauzo yake ni kati ya 500,000 na 800,000 kwa siku. Mzigo ananunua mara moja kila wiki mbili, milioni 8 hivi. Ukitazama namba hizo vizuri, hana shida ya kikomo siku kumi na tatu kati ya kumi na nne. Shida yake ni kwamba anaacha pesa zikusanyike kwenye laini wiki mbili nzima, kisha anataka zitoke zote asubuhi moja. Kikomo cha siku kinambana mtu wa namna hiyo, na hakimgusi kabisa anayetoa laki sita kila jioni.

Kwa hiyo hatukupandisha kitu kwenye laini. Alifungua akaunti ya benki tawini, kwa sahihi na barua ya mtaa, na kila jioni akifunga duka anahamisha mauzo ya siku kutoka kwenye laini. Kila uhamisho una makato yake, na alilalamika mwanzoni. Lakini alikuwa analipa makato pia alipogawa malipo ya mzigo vipande viwili, tena akipoteza siku na nauli ya kwenda Kariakoo mara ya pili. Siku ya mzigo anapita tawini, au anamlipa muuzaji kwa programu ya benki kama kiasi kinaruhusu, na pesa inaingia akaunti ya benki ya muuzaji ambako hakuna salio la milioni 10 la kuigonga.

Lipa namba nilimshauri aanze nayo baadaye, leseni itakapotoka, kwa sababu ya wateja wake na si kwa sababu ya mzigo. Laini ya mtandao wa pili anayo kama akiba. Kila mtoa huduma anahesabu wateja wake mwenyewe, kwa hiyo milioni 5 za huku hazigusi milioni 5 za kule. Lakini kuijaza kutoka laini ya kwanza kunakula kikomo cha laini ya kwanza, kwa hiyo inafaa tu kwa pesa taslimu aliyonayo mkononi. Na anapogawa malipo anatunza risiti ya muuzaji. Sheria ya kuzuia utakasishaji wa fedha haramu ni ya 2006, na ukaguzi ulikazwa zaidi Tanzania ilipokuwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa kinachopambana na fedha haramu, Oktoba 2022 hadi Juni 2025. Mtu akiulizwa kwa nini amekata milioni 8 vipande vipande, risiti ya vitenge inajibu vizuri kuliko maneno.

Ningekuwa namshauri muuzaji wa Mtaa wa Kongo, ningegeuza kila kitu. Yeye anapokea kutoka mikoa mitano asubuhi moja, kwa hiyo lipa namba yenye TIN na leseni ndiyo ya kwanza kwake, ikiunganishwa moja kwa moja na benki, na ile namba binafsi aifute kwenye kadi zake za biashara. Na dereva wa bodaboda anayepokea elfu thelathini kwa siku, mimi ningemwambia apige *106#, ahakikishe jina ni lake, aendelee na kazi.

Wifi alinipigia tena wiki mbili baadaye, siku ya mzigo, saa tatu asubuhi. Nilidhani imegoma. Alitaka kujua kama rangi ya samawati inauzika Tandika.